Insulesheni iliyolowa baada ya paa kuvuja: ya kuanika, ya kutupa na ya kuacha ilipo

Kamua konzi ya faibaglasi iliyolowa: maji yanachuruzika, na ukiachia, sufi inafumuka tena kiganjani. Kamua konzi ya selulosi, ile ya magazeti yaliyosagwa ambayo hupulizwa darini kwa mashine, na utabaki na kitonge kama cha ugali, chenye alama za vidole vyako. Uamuzi wa kuanika au kutupa unaanzia kwenye konzi hizo mbili, ingawa hauishii hapo.

Nafanya kazi ya insulesheni, yaani sufi au povu la kuzuia joto lisitoroke nyumbani, hapa Minnesota, Marekani, kwenye nyumba za mbao zenye dari juu ya vyumba na theluji juu ya paa, na wengi wanaonipigia simu kwa Kiswahili ni watu walionunua nyumba yao ya kwanza huku. Swali lao huwa moja: "Hii itakauka yenyewe?" Jibu langu hutegemea mambo matatu: ni insulesheni ya aina gani, imekaa na maji muda gani, na chini yake kuna nini. Hilo la tatu ndilo watu husahau, na ndilo linaloharibu nyumba.

Mfano ninaoupenda ni nyumba ya mama mmoja, mtu wa Bukoba, kwa sababu dari yake ilikuwa na aina mbili za insulesheni kwa wakati mmoja. Nyumba ilijengwa miaka ya 1980. Mjenzi alitandika nailoni juu ya jipsamu ya dari, kuzuia mvuke wa ndani usipande, kisha akalaza vipande vya faibaglasi vya sentimita 15 kati ya mihimili. Miaka mingi baadaye mtu akaongeza selulosi ya kupuliza, kama sentimita 20 hivi, juu ya ile faibaglasi. Mpangilio huu ni wa kawaida sana huku.

Februari theluji ilikaa juu ya paa. Joto lililopenya kutoka ndani likaiyeyusha sehemu za juu, maji yakateremka mpaka upenuni ambako hakuna joto, yakaganda. Barafu ikawa kama tuta la shamba la mpunga, na maji yaliyofuata yakakosa njia, yakarudi nyuma na kuingia chini ya vigae vya lami. Alinipigia siku ya pili, baada ya kuona duara la rangi ya chai juu ya kitanda.

"Shikamoo mama. Dari imeshuka au imepata doa tu?"

"Marahaba mwanangu. Imeshuka. Ina tumbo."

Nilimwomba azime umeme wa chumba hicho kwenye breka, maana taa ilikuwa katikati ya hilo tumbo, na asilale humo.

Kwanza pima uzito unaoning'inia

Maji ya kina cha milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, yaani kilo 1. Sehemu iliyolowa kwake ilikuwa ukanda wa mita 3 kwa 1.2 kando ya ukuta wa nje, mita za mraba 3.6. Ile nailoni ilikuwa imegeuka beseni: maji yamepita kwenye selulosi na faibaglasi, yakakaa juu yake. Nikaweka ndoo, nikasimama pembeni, nikatoboa sehemu ya chini kabisa ya tumbo kwa bisibisi, jipsamu na nailoni pamoja. Ndoo ya lita 20 ilikaribia kujaa. Hapo hujahesabu yaliyonywewa na selulosi na jipsamu.

Hii ndiyo sababu siwaelewi wanaosema "washa feni darini, ngoja wiki". Beseni halikaushwi na feni. Palipo na nailoni chini, au karatasi ya lami iliyogandishwa kwenye faibaglasi, maji hayana pa kwenda chini, na kupanda juu ni lazima yapenye sentimita 35 za sufi. Nyumbani nimeona jambo hilohilo kwenye magodauni ambayo chini ya mabati yana sufi ya kioo iliyoshikwa na karatasi ya fedha: bati linatoboka kwa msumari mmoja, karatasi inafanya tumbo mita 4 mbali na tundu, na fundi anahangaika kuziba mahali pasipovuja.

Faibaglasi na selulosi, bega kwa bega

Nyuzi za faibaglasi ni kioo. Hazinywi maji, maji hukaa katikati yake tu. Kilichopotea ni hewa iliyokuwa imeshikwa, na hewa ndiyo inayozuia baridi. Maji yakitoka na unene ukirudi, kazi yake inarudi. Kwa hiyo naitazama kwa mambo matatu: unene, uchafu na karatasi. Kipande kilichokuwa sentimita 15 kikikauka kikabaki 10, kimekufa. Kikirudi 14 au 15 lakini kina tope la kahawia, vumbi la vigae au mkojo wa panya ulioteremshwa na maji, nacho kimekufa, maana ukungu haujali kwamba kioo hakiliki. Unakula vumbi lililonaswa humo. Cha tatu ni karatasi: kipande kikiwa na karatasi ya kahawia upande mmoja, karatasi hiyo ibanduliwe kidogo na kutazamwa nyuma. Vidoa vyeusi vikiwepo, usikianike.

Selulosi ni karatasi, na karatasi hunywa. Ikilowa chapachapa hujilaza kwa uzito wake na hairudi. Darini kwa yule mama pale pakavu kulikuwa na sentimita 20 juu ya faibaglasi. Pale palipolowa, rula yangu ilisoma 11. Hata ungeikausha kabisa ingebaki 11, ngumu kama boksi lililolala nje. Halafu kuna chumvi zake. Selulosi hutiwa madini ya borati, au sulfeti ya amonia, ili isishike moto haraka. Maji yanayopita yanaweza kuondoka na sehemu ya dawa hiyo, na huwezi kujua kwa macho imebaki kiasi gani. Ile ya sulfeti ya amonia ikilowa hula chuma pia: misumari, masanduku ya umeme, mabomba. Kwa hiyo selulosi iliyolowa mpaka kufanya kitonge naitupa bila mjadala. Iliyopata unyevu wa juujuu tu, sentimita 2 au 3 za kwanza, naichota hiyo tabaka, naacha ya chini.

Nisiwafiche jambo. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, katika mwongozo wake wa kuondoa ukungu kwenye shule na majengo ya biashara, inaziweka faibaglasi na selulosi mstari mmoja: tupa, weka mpya. Huo ni mwongozo wa majengo makubwa, ambako hakuna atakayekaa kuanika kipande kimojakimoja, na kwa shule nakubaliana nao. Kwenye nyumba ya mtu, kipande kisafi cha faibaglasi kilicholowa jana kwa maji ya theluji sikioni kuwa takataka. Lakini mwongozo huohuo unataka vitu vikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48 ili ukungu usiote, na hapo hauna utani. Ukifika siku ya tano kwenye dari yenye joto, maneno yangu yote kuhusu kuanika yafute.

Aina nyingine nazipitia haraka. Sufi ya mawe ni rafiki wa mtu aliyevujiwa: imetiwa mafuta ya kukataa maji, ni nzito, haijilazi. Mara nyingi unaitoa, unaisimamisha wima ichuruzike, unairudisha. Povu gumu la kupuliza halinywi kitu, ila linaficha: maji husafiri kati ya povu na ubao wa paa, yakatokea mbali kabisa na tundu. Hapo kata kidirisha cha sentimita 5 kwa 5, choma mita ya unyevu kwenye ubao, ndipo uamue. Povu laini ni sponji. Hukauka, lakini kwa wiki nyingi, na ubao wa nyuma yake unaweza kuoza huku ukisubiri.

Kuna moja ya kutoigusa. Ukikuta darini vipunje vyepesi vyenye kung'aa, vya kijivu na dhahabu, kama changarawe iliyofura, hiyo ni vamikulaiti. Sehemu kubwa ya vamikulaiti iliyouzwa Marekani ilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa mwaka 1990, na mgodi ule ulikuwa na asbesto, nyuzi za mawe zinazodhuru mapafu. Iwe kavu au imelowa, funga mlango wa dari, ita watu wenye leseni ya asbesto.

Utajuaje mpaka wa kulowa uko wapi

Macho hudanganya, kwa sababu juu hukauka kwanza. Mimi hutumia mkono na mizani ya jikoni. Nakata mraba wa sentimita 30 kwa 30 mahali pakavu, unene wote, natia kwenye mfuko, napima. Kisha nafanya hivyo hivyo pale ninaposhuku. Faibaglasi kavu ya sentimita 15 kwa ukubwa huo haifiki gramu 200. Kwa yule mama kipande kilichoonekana "kikavu tu, baridi kidogo" kilipima gramu 610. Gramu zaidi ya 400 za maji kwenye eneo dogo kama kigae cha sakafu.

Kwa selulosi mkono unatosha. Kavu huruka kama unga ukiitupa, yenye unyevu huanguka kwa mabonge. Pale mabonge yanapoisha naongeza sentimita 60 zaidi, nakata hapo.

Mita ya unyevu yenye sindano mbili ni ya mbao na jipsamu. Usiichome kwenye sufi ukaamini namba inayotoka. Imetengenezwa kwa ajili ya mbao. Tena mbao baridi huisomesha chini ya ukweli, na mbao iliyoganda huifanya iseme lolote. Nilichoma mhimili uliolowa kwa upande wa chumbani: asilimia 26. Mhimili wa upande wa pili wa nyumba, mkavu: asilimia 11. Ubao wa paa wenyewe ulikuwa na barafu kwenye ncha za misumari, kwa hiyo sikuupima siku ile.

Namba hizo mbili ndizo kazi yenyewe. Mbao ikikaa juu ya asilimia 20 kwa muda mrefu inaalika kuoza. Insulesheni ya ukanda ule ni mifuko michache ya dukani. Mhimili ukioza unaita seremala. Kwa hiyo ninapoamua nianike au nitupe, huwa najiuliza: insulesheni hii ikibaki, inaizuia mbao kukauka? Mara nyingi ndiyo. Kuiondoa ndiyo nusu ya kukausha.

Njia tatu za kukausha

| Njia | Inafaa wapi | Inashindwa wapi |
|---|---|---|
| Kuacha ilipo, hewa ipite | Unyevu wa juujuu, hakuna nailoni chini, majira ya joto | Baridi kali. Palipo na beseni la nailoni |
| Kuondoa, kuanika kando, kurudisha | Faibaglasi au sufi ya mawe, safi, chini ya siku 2 | Selulosi; vipande vyenye tope |
| Kuondoa, kutupa, kukausha mbao tu | Selulosi; chochote cha siku nyingi | Haishindwi, ila ina kazi na gharama |

Njia ya kwanza ndiyo kila mtu huitaka kwa kuwa haina jasho. Julai inaweza kufaa: dari huku hupata nyuzi 50 za Selsiasi mchana, na matundu ya upenuni yakiwa wazi, unyevu mwepesi huondoka kwa siku chache. Februari ni habari nyingine. Hewa ya dari ikiwa chini ya sifuri maji hayapandi kuwa mvuke kwa kasi ya maana, na yale machache yanayopanda hugusa ubao wa paa, yanaganda, kisha siku ya jua yanadondoka tena palepale. Umehamisha maji sentimita 80 juu na kuyarudisha. Na feni kali ikielekezwa kwenye selulosi inafanya kazi moja tu: inaipeperusha, inaacha jipsamu uchi upande mmoja na kilima upande mwingine. Nilifanya kosa hilo mwaka wangu wa kwanza. Nilichota siku nzima.

Mashine ya kunyonya unyevu nayo ina mipaka. Zile za nyumbani, zenye koili baridi kama friji, hufanya vizuri chumba kikiwa na nyuzi 20 na zaidi. Ukiipandisha darini kwenye baridi koili inaganda na ndoo yake inabaki tupu. Ziko zinazotumia chembe za kufyonza maji, na hizo hustahimili baridi, lakini nyingi ni za kukodi na hula umeme.

Kwa mama yule tulichagua njia ya tatu, na kipande cha njia ya pili. Tulivaa barakoa za N95, tukatoa selulosi kwa sepetu ya plastiki, mifuko 9. Mfuko wa selulosi mbichi usiujaze zaidi ya theluthi; nilimwona kijana akibeba uliojaa ngazini, chini ukapasuka. Faibaglasi ilitoka vipande 6. Kisha tukakata jipsamu iliyolegea pamoja na nailoni, mihimili ikabaki wazi kuelekea chumbani.

Hapa ndipo wengi huharibu. Ukifungua dari wakati wa baridi, hewa ya moto yenye unyevu wa jikoni na bafuni inakimbilia darini na kufanya barafu mpya kwenye ubao wa paa. Kwa hiyo kabla ya kuwasha chochote tulipanda tukafunika ukanda ule kwa juu: mbao za povu juu ya mihimili, nailoni juu yake, utepe kuzunguka kingo zote. Mbao zikawa zinakaukia chini, upande wa chumba, si juu. Mlango wa chumba tukauziba kwa nailoni yenye zipu, ndani tukaweka mashine ya kunyonya unyevu, feni moja ndogo inayopuliza sambamba na dari, na joto la nyuzi 23.

Siku ya kwanza mhimili ulisoma 26. Siku ya pili 21, ya nne 16, ya sita 13. Ndoo ya mashine ilitoa lita 7 usiku wa kwanza, na siku ya sita haikutoa hata nusu lita. Kipimo changu cha kufunga ni mbao iliyolowa kufika ndani ya pointi 3 za mbao kavu ya nyumba hiyohiyo, na iwe chini ya 15. Kusoma mara moja hakutoshi. Nilizima mashine saa 24, nikasoma tena: 13. Namba ikipanda baada ya kuzima, ujue kilichokauka ni ngozi ya mbao tu.

Vile vipande 6 vya faibaglasi vilitundikwa kwenye kamba garajini, na hita mbele yake. Baada ya siku 3, vinne vilirudi sentimita 14 na mizani ikakubali. Viwili vilikuwa na tope la selulosi lisilotoka, vikaenda na mifuko. Nikisema ukweli, saa nilizotumia kuvigeuzageuza zilizidi bei ya bunda jipya. Mama alitaka tujaribu, nami nikajaribu. Ukiwa na vipande 40 na garaji lenye nafasi, anika. Ukiwa na 6, nunua.

Mifuko ya taka tuliiacha kando ya nyumba mpaka mtu wa bima alipoiona. Picha peke yake huzua maswali, hasa kama hazionyeshi rula na namba ya mita.

Kabla ya kurudisha kitu tuliziba njia ya joto: tundu kubwa kuzunguka taa na lingine pale bomba la choo linapopita, yote mawili kwenye ukanda uleule ambao theluji yake iliyeyuka kwanza. Kisha nailoni mpya, jipsamu mpya, faibaglasi, na selulosi ya kupuliza juu mpaka jumla ifikie R-49, R ikiwa kipimo cha uwezo wa kuzuia joto lisipite, kiwango kinachotakiwa darini kwa nyumba mpya za huku. Upenuni tuliacha njia ya hewa kwa vibao vya plastiki ili selulosi isizibe matundu.

Ubao wa paa, ule ambao sikuupima, nilirudi kuuangalia katikati ya Aprili, barafu imeisha na darini kuna nyuzi 18. Ulikuwa na rangi nyeusi kidogo kufuata mstari wa misumari. Nilisukuma bisibisi kwa nguvu mahali patano: haikuzama. Mita ilisoma 14 upenuni na 12 karibu na kilele. Niliuacha jinsi ulivyo, nikateremka, mama akiwa ameshaweka chai na maandazi mezani.